Kimya kikaoni si kukubali

"Kiongozi afanyeje kama timu ya mataifa mengi haipingi chochote kikaoni, halafu kazi inakwama?"

Kwanza aache kuomba pingamizi mbele ya watu wote. Mchukulie meneja Mholanzi mwenye wahandisi Wajapani. Anaeleza ratiba, anauliza nani anapinga, kimya, anaendelea. Baadaye anagundua mhandisi mmoja alijua tangu mwanzo kwamba muda wa majaribio hautoshi. Hakuficha kwa ubaya. Alikozoea, mashaka hutolewa kabla ya kikao, faragha, mtu mmoja mmoja, utaratibu ambao Wajapani huuita nemawashi. Kikao chenyewe huthibitisha tu.

Kwa hiyo meneja atume rasimu siku mbili kabla, azungumze na kila mmoja pembeni, na aulize "ni nini kitatuchelewesha zaidi?" Swali la namna hiyo halimlazimishi mtu kumpinga mkubwa wake. Kikaoni, yeye aseme mwisho. Akitangulia, wengi watafuata alikoelekea.

Ila naomba tusichanganye kuheshimu cheo na kusema waziwazi. Wafaransa wengi huikosoa kazi bila kuzunguka, na bado cheo kina uzito mkubwa ofisini kwao. Wamarekani wengi humwita bosi kwa jina la kwanza, lakini kosa hulifunika kwa sifa, hadi Mholanzi anatoka akidhani amepongezwa. Huyo aandikiwe wazi, baada ya mazungumzo, jambo gani hasa arekebishe na lini.