Kelele za hedifoni sio ngumi

Utasikia watu wakisema, "Majaribio ya maabara yamethibitisha kuwa gemu za vita huwafanya vijana wakatili." Hapo mi sikubali, tuangalie kwanza huo ukatili unapimwaje. Jaribio linalotumika sana, kijana anacheza gemu dakika kadhaa halafu anaambiwa ashindane na mtu wa chumba cha pili nani atawahi kubonyeza kitufe, akishinda, mwenzake anapigiwa kelele kwenye hedifoni, na yeye ndo anachagua sauti kubwa kiasi gani na kwa muda gani, kumbe huyo mwenzake hata hayupo, ni kompyuta. Anayeweka kelele kubwa anaandikwa mkali, wakati inawezekana anataka tu kumvuruga mpinzani ili yeye ashinde. Halafu kuhesabu alama kila mtafiti na lake, huyu anachukua raundi ya kwanza tu, yule wastani wa zote, mwingine anazidisha sauti kwa muda, mtafiti Malte Elson alizipitia tafiti hizo akakuta njia zaidi ya 150! Ukichagua njia baada ya kuona data, jibu unalolitaka utalipata tu. Ndo maana utafiti wa Oxford wa 2019 wa Przybylski na Weinstein nauamini zaidi, walitangaza mapema watahesabu vipi, wakachukua vijana wa Uingereza 1,004 wa miaka 14 na 15, wazazi wakaulizwa tabia ya mtoto mwezi uliopita, uhusiano wa gemu za vita na ukali haukuonekana. Ila nao ulipima mara moja tu, na mzazi haoni yote, ya shuleni nani atamwambia? Nyie wenye watoto wa umri huo, mnayaona mabadiliko gani hasa?