Mtaa Usiopiga Simu

Kwenye mkutano wa mtaa wetu huku Nkuhungu, Dodoma, ofisa mmoja alifungua karatasi akatusomea kwamba robo mwaka nzima tumepata hitilafu mbili za umeme. Mbili! Mama mmoja aliyekaa nyuma akamuuliza, "Mwanangu, hivi wewe unalala mtaa gani?"

Karatasi haikudanganya, shida ni inachokijua. Laini kubwa ikijikata, kituoni wanaona. Fyuzi ya transfoma ikiungua usiku, hakuna anayejua mpaka mtu apige simu, na mtaa uliochoka kupiga simu unahesabiwa kuwa mtaa wenye raha. Umeme ukishuka mpaka taa ziwe nyekundu na friji ingurume bila kupoza, kwenye karatasi hiyo umeme upo.

Manunuzi ya LUKU nayo yana tarehe, namba ya mita na uniti. Kwa nini hayasomwi? Chukua nyumba inayotumia uniti mbili kwa siku. Inanunua wa 5,000, inapata uniti kama 14, na baada ya siku saba inarudi kununua. Umeme ukianza kupotea kila jioni, muda ambao taa, runinga na pasi vyote vinafanya kazi, zile 14 zinafika siku ya tisa. Gawanya 14 kwa tisa: matumizi yameshuka hadi uniti moja na nusu hivi.

Nyumba moja si ushahidi, labda wamekwenda Kondoa msibani. Lakini nyumba zote za transfoma moja zikishuka wiki zilezile, jamani, msiba gani huo? Hapo tazama transfoma jirani kwenye laini hiyohiyo. Zote zikishuka, tafuta ubovu kwenye laini. Ikishuka moja, panda nguzo yake. Ukata wa Januari na ada za shule hautakupoteza sana, maana unazigusa transfoma zote, hata za laini nyingine.

Ila hesabu uniti, usihesabu shilingi, kwa sababu manunuzi ya kwanza ya mwezi yanamegwa na kodi ya jengo. Na cha ajabu, sisi wa buku mbili buku mbili ndio tunaoonyesha tatizo mapema. Anayenunua wa 50,000 anaweza kukaa mwezi mzima bila kukuonyesha chochote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtaa ambao umeme wake ni mbovu tangu nguzo zisimikwe hautaonyesha mshuko wowote. Huko lazima mtu aende na kipimo cha volti, tena jioni, si saa nne asubuhi.

Na yote haya yanahitaji daftari sahihi la mita ipi iko chini ya transfoma ipi. Dodoma hii inayojengwa kila kukicha, transfoma mpya inafungwa, nyumba zinahamishiwa huko, daftari linabaki na habari za zamani. Basi atumwe kijana mmoja na kalamu, afuate nyaya nguzo kwa nguzo. Aanzie kwetu, tutampa chai.