Kaswende ya mjamzito: sindano leo, au majibu kwanza?

Kwenye kliniki nyingi za wajawazito sasa kuna kibanzi kimoja kinachopima mambo mawili kwa tone moja la damu ya kidole: virusi vya ukimwi na kaswende. Majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Mstari wa ukimwi usipotokea na wa kaswende ukatokea, mhudumu ana maamuzi mawili mbele yake. Anaweza kumchoma mama penisilini kabla hajaondoka, au kupeleka damu maabara kwa kipimo cha pili na kumpa tarehe ya kurudi. Wataalamu wenye akili timamu wako pande zote mbili, na kila upande una hoja za kusikilizwa.

Ubishi unaanzia kwenye kibanzi chenyewe. Hakimwoni mdudu wa kaswende. Kinaona kingamwili ambazo mwili ulitengeneza baada ya kukutana naye, na kingamwili hizo kwa watu wengi hubaki maisha yote, hata kama mtu alitibiwa akapona miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo mstari unasema tu kwamba mwili huu uliwahi kukutana na kaswende, bila kusema lini. Kipimo cha pili, kinachoitwa RPR, hupima kitu tofauti, ambacho hupanda ugonjwa ukiwa hai na hushuka baada ya tiba. Majibu yake huja na namba. RPR ya 1:32 maana yake damu bado inaitikia hata ikizimuliwa mara 32, na hiyo kwa kawaida ni dalili ya ugonjwa unaofanya kazi. Tiba ikifanikiwa, namba inatakiwa ishuke angalau mara nne, mfano kutoka 1:32 hadi 1:8.

Wanaosema tungoje hawasemi upuuzi, basi. Tuchukue wajawazito 1,000, tukadirie kwamba 10 wana kaswende hai na wengine 10 walishatibiwa zamani. Kibanzi kitawaonyesha wote 20. Ukichoma wote, nusu yao wamechomwa bure, na sindano yenyewe si ya mchezo: benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, dawa nzito inayoingia polepole kwenye msuli wa tako na kuacha maumivu ya siku kadhaa. Dawa hii pia imewahi kuadimika katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu ni viwanda vichache tu duniani vinavyotengeneza malighafi yake.

Sasa tumfuate mama mmoja wa kukadiria. Anafika kliniki mara ya kwanza akiwa na wiki 24. Mstari wa kaswende umetokea, na hakumbuki kuwahi kutibiwa. Kliniki inachagua kungoja: damu inakwenda maabara, majibu yatarudi baada ya wiki mbili, naye anaambiwa arudi wiki ya 28. Akirudi siku hiyo, na karatasi ya majibu ikawepo, RPR inasoma 1:32. Kwa kuwa hajulikani aliambukizwa lini, anahitaji dozi tatu, moja kila wiki: ya 28, ya 29 na ya 30. Amechelewa mwezi mzima, na mwezi huo mtoto alikuwa hatarini, maana mdudu huvuka kondo la nyuma mapema katika ujauzito. Ila bado muda wa kutibu upo.

Hesabu inavunjika pale asiporudi wiki ya 28. Labda nauli ilikosekana. Labda alirudi, sampuli ikawa imepotea, akapimwa upya. Tuseme dozi ya kwanza anaipata wiki ya 34 na uchungu unaanza wiki ya 37. Ni siku 21. Kipimo kinachotumika kimataifa ni kwamba mama awe amepata angalau dozi moja ya penisilini siku 30 au zaidi kabla ya kujifungua, ndipo mtoto ahesabiwe kuwa amekingwa. Mtoto huyu hakufikia. Hata akizaliwa anaonekana mzima, anapaswa kutibiwa kama mtoto ambaye mama yake hakutibiwa ipasavyo: penisilini ya sindano kila siku kwa siku 10 hadi 15, akiwa wodini. Na hapo tunazungumzia mtoto aliyezaliwa hai. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016 kaswende ya wajawazito ilisababisha watoto wapatao 143,000 kufia tumboni au kuzaliwa wafu, na wengine 61,000 kufa wakiwa wachanga.

Mama huyohuyo akichomwa dozi ya kwanza wiki ya 24, siku aliyopimwa, na damu ya RPR ikachukuliwa siku hiyohiyo, kuchelewa kwa karatasi hakumdhuru mtoto sana. RPR ikirudi 1:32, anaitwa kwa dozi mbili zilizobaki. Nafasi kati ya dozi moja na nyingine isizidi siku 14, vinginevyo hesabu inaanza upya. RPR ikirudi bila kuitikia, na hana dalili wala historia inayotia shaka, dozi zilizobaki zinaweza kuachwa. Amepoteza nini? Tako limeuma. Kama ugonjwa ulikuwa hai, pengine alipata homa na baridi usiku ule, jambo linalotokea kwa baadhi ya wenye ugonjwa hai wadudu wanapokufa kwa wingi, na ndiyo maana mama anatakiwa kuambiwa arudi haraka akihisi tumbo linakaza au mtoto amepunguza kucheza. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, ila lazima dawa ya dharura iwe mezani. Na hofu ya kuzalisha usugu haina mashiko kwa ugonjwa huu: mdudu wa kaswende hajaonyesha usugu dhidi ya penisilini hadi leo.

Hoja ya uhaba nayo inageuka ukiitazama vizuri. Mwanamume au mwanamke asiye mjamzito mwenye kaswende ya hatua za mwanzo anaweza kutibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Mjamzito hana njia hiyo. Eritromaisini na azithromaisini hazimfikii mtoto kwa kiasi cha kutosha. Unaweza kumtibu mama ukamwacha mtoto na ugonjwa. Stoo ikiwa na chupa chache, basi, zihifadhiwe kwa wajawazito, na RPR itumike kuokoa dozi ya pili na ya tatu. Kuokoa ile ya kwanza ni ubahili usio na tija.

Hata hivyo upande wa wanaongoja una hoja moja ambayo siioni ikijibiwa na dawa, nayo ni ndoa. Mama anayetoka kliniki na neno "una kaswende" anarudi nyumbani na mashtaka. Mume atauliza imetoka wapi, na wapo wanaopigwa au kufukuzwa kwa jibu la kibanzi ambalo huenda lilikuwa kovu la maambukizi ya kabla hawajafahamiana. Hapa ndipo naona pande zote mbili zinachanganya vitu viwili. Kutibu ni jambo moja, kutamka ugonjwa ni jingine. Hakuna kinachomlazimisha muuguzi kuyafanya kwa sentensi moja. Anaweza kusema: "Kipimo kinaonyesha mwili wako uliwahi kukutana na kaswende, hakituambii lini. Kwa usalama wa mtoto tunaanza sindano leo, na majibu ya pili ndiyo yatatuambia kama ipo sasa." Wakati huo huo mama atumie kondomu au ajizuie, kwa sababu mwenza asiyetibiwa atamwambukiza upya. Mazungumzo ya kumwita mwenza yanafuata kwa jinsi mama mwenyewe anavyoona ni salama. Huo ni ugumu halisi na sioni mwongozo unaoumaliza.

Kuna kundi moja ambalo kwalo nakubaliana kabisa na wanaosema tungoje majibu ya RPR: wanawake waliokwisha kutibiwa kaswende na wana kumbukumbu kwenye kadi. Kwao kibanzi hakina cha kusema, kitatoa mstari tu. Waende moja kwa moja kwenye RPR, ilinganishwe na namba ya zamani. Vivyo hivyo, mwanamke anayejulikana kuwa na virusi vya ukimwi na yuko kwenye dawa asipimwe kwa kibanzi cha mambo mawili. Apewe cha kaswende peke yake.

Kwenye ukimwi mizani inakaa tofauti. Mstari mmoja hautoshi. Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vitatu vinavyokubaliana kabla ya kumwambia mtu ameambukizwa, kwa sababu kinachofuata ni dawa za kila siku hadi mwisho wa maisha. Na vipimo hivyo vyote ni vya haraka, vinaweza kufanyika asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo kuhakikisha hakumgharimu mtoto kitu. Ila mama akifika na uchungu, hajawahi kupimwa, na mstari mmoja ukatokea, watoa huduma huanza kinga mara moja huku wakiendelea kuthibitisha. Kanuni ni ileile: muda ukiisha, ushahidi mdogo unatosha kuanza.

Homa ya ini B ndiyo inayonipa shida. Hadi miaka ya karibuni, tenofoviri, dawa ya kupunguza virusi hivyo, ilikuwa kwa wajawazito wenye virusi vingi tu, kuanzia yuniti 200,000 kwa mililita, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kumwambukiza mtoto hata akichanjwa. Lakini kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani kila mahali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaruhusu, pale ambapo haiwezekani kupima, kumpa dawa kila mjamzito mwenye homa ya ini B. Inafanana na sindano ya kaswende, lakini si sawa. Hii ni dawa ya kila siku kwa miezi, na ikisimamishwa baada ya kujifungua ini linaweza kuvimba ghafla, hivyo mama anahitaji kufuatiliwa na kupimwa tena. Kliniki isiyo na kipimo cha virusi mara nyingi haina pia vipimo vya ini.

Isitoshe, kinga kuu ya homa ya ini B haihitaji kipimo chochote cha mama. Ni chanjo ndani ya saa 24 za kwanza, kwa kila mtoto, na duniani ni chini ya nusu ya watoto wanaoipata kwa wakati. Sababu mara nyingi ni ndogo: chanjo inakaa kwenye friji ya chumba cha watoto kinachofungwa Ijumaa jioni, na mtoto kazaliwa Jumamosi. Fedha zikiwa kidogo, ningeanza na friji ya wodi ya wazazi na ruhusa ya mkunga wa zamu kuchanja mwenyewe, kisha ndipo nizungumzie tenofoviri kwa wote.