Mwaka wa gesti ya Moshi hauanzi Januari

Mwenye gesti akitaka kujua kama Aprili hii imekuwa mbaya kuliko Aprili zilizopita, mara nyingi anawekewa mbele grafu ya mstari mmoja mrefu, kuanzia mwaka wa kwanza wa kumbukumbu mpaka jana. Mstari unapanda, unashuka, unapanda tena. Jibu limo humo, ila ili alipate inabidi aweke kidole kwenye kila bonde na kukumbuka kimo chake anapolitafuta linalofuata. Jicho halina nguvu hiyo. Mstari huo ukatwe vipande vya miezi 12, kila mwaka uwe mstari wake, yote ipandane juu ya miezi ileile. Hapo Aprili zote zinasimama kwenye wima mmoja na swali linajibiwa kwa kutazama tu.

Hilo wengi wanalijua. Ninalobishana nalo ni mahali pa kukata. Karibu kila mtu anakata tarehe 1 Januari kwa sababu kalenda imeandikwa hivyo, na kwa biashara ya malazi ya Moshi hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Tazama mwaka wa mji wenyewe. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na wapanda mlima wa mwisho wa mwaka nao wapo. Januari na Februari ni kipindi kizuri cha Kilimanjaro, na wageni wanaendelea mpaka mwanzo wa Machi. Kisha masika inashika, Aprili na Mei mlima unakuwa na tope na mawingu, vyumba vinabaki na shuka safi. Juni wanaanza kurudi, Julai hadi Septemba kunajaa, Oktoba inaelekea kupungua, Novemba mvua za vuli zinatuliza mambo. Kwa hiyo kuna vilima viwili, na kimoja kinavuka mwaka mpya. Ukianzisha mhimili Januari, kilima hicho unakipasua katikati: nusu yake inakaa ukingo wa kulia kwenye mstari wa 2023, nusu nyingine ukingo wa kushoto kwenye mstari wa 2024. Hakuna atakayeona kwamba ni msimu mmoja, wala hataona msimu huo ulianza mapema au ulichelewa.

Kanuni yangu ni kukata pale biashara inapolala. Kwa Moshi nachagua tarehe 1 Mei. Ni ndani ya kipindi cha wageni wachache, kwa hiyo hakuna kilima kinachokatwa, na kuna faida nyingine ambayo Aprili mosi haina: Pasaka haivuki tarehe 25 Aprili, kwa hiyo kila msimu unaoanza Mei na kuisha Aprili unabeba Pasaka moja tu. Ukikata mwanzo wa Aprili, kuna misimu itakayopata Pasaka mbili na mingine isipate hata moja. Mstari unaupa jina la miaka miwili, kama 2023/24.

Kazi yenyewe kwenye Excel ni ndogo. Daftari la mapokezi liingizwe siku kwa siku: safu ya A tarehe, safu ya B idadi ya vyumba vilivyolaliwa usiku huo. Safu ya C ni mwaka msimu ulipoanzia, na safu ya D ni nafasi ya mwezi ndani ya msimu, Mei ikiwa 1 na Aprili ikiwa 12.

```
C2: =IF(MONTH(A2)>=5,YEAR(A2),YEAR(A2)-1)
D2: =MOD(MONTH(A2)-5,12)+1
```

Halafu weka `PivotTable`: nafasi ya mwezi kwenye `Rows`, msimu kwenye `Columns`, jumla ya vyumba kwenye `Values`. Unapata jedwali la mistari 12, kila msimu na safu yake. Linakili pembeni, badilisha namba 1 hadi 12 kuwa majina ya miezi, chora grafu ya mistari. Usitangulize majina ya miezi kama maneno, maana yatajipanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Mistari ikiwa na meno kama msumeno na mwezi wa kwanza kushoto ni Agosti, umeshajua kilichotokea.

Kuna kosa la hatari zaidi, kwa sababu halijionyeshi. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inasoma mwezi kwanza. Mhudumu akiandika 05/04/2024 kwa maana ya tarehe 5 Aprili, inaingia kama tarehe 4 Mei, bila onyo. Akiandika 18/04/2024, mwezi wa 18 haupo, basi inabaki kuwa maandishi na fomula inatoa `#VALUE!`. Watu wanasahihisha hizo zenye alama ya kosa na kuziacha zile za siku 1 hadi 12 zikiwa zimetawanyika miezi mingine. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya theluthi ya kila mwezi inasambaa mwaka mzima, vilima vinapungua kimo, mabonde yanajaa, na gesti inaonekana haina msimu. Dalili ya kwanza ni tarehe ambazo bado hazijafika. Panga safu ya A kuanzia mpya. Ukikuta Desemba wakati uko Juni, rudi ukarekebishe mpangilio wa tarehe na uingize upya.

Ila kabla ya kuchora, usiache jumla ya mwezi kama ilivyo. Januari ina siku 31, Februari 28, na 2024 ilikuwa na 29. Gesti iliyojaa kila usiku bado itaonyesha Februari imeanguka kwa karibu asilimia 10 chini ya Januari, na hilo ni suala la kalenda. Gawanya kwa vyumba vilivyokuwepo: vyumba 14 mara siku 31 ni 434, mara siku 30 ni 420. Chora asilimia. Hapo pia unajikinga na mwaka ambao ulikuwa na vyumba vichache, alimradi kigawanyo kifuate vyumba halisi vya mwezi huo, vikiondolewa vile vilivyofungwa kwa ukarabati.

Miezi ambayo haijafika iachwe tupu. Fomula ya kugawanya ikikuta seli tupu inarudisha sifuri, na mstari wa msimu huu unadondoka mpaka sakafuni kana kwamba gesti imefungwa. Andika hivi, G2 ikiwa seli ya jumla ya mwezi kwenye jedwali ulilonakili, kila mwezi na idadi ya siku zake:

```
=IF(G2="",NA(),G2/(14*31))
```

Sifuri ya kweli ni kitu kingine, na lazima ichorwe. Gesti iliyofungwa Aprili 2020 ilikuwa na sifuri; mwezi ambao daftari limepotea hauna sifuri, hauna kitu. Mwezi unaoendelea nao usiuchore mpaka uishe, kwa sababu siku kumi za kwanza zenye wikiendi mbili hazifanani na mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye lile linalowapotosha hata wenye uzoefu. Chukua gesti ya mfano yenye vyumba 14. Machi 2023 ililaza vyumba 174 kati ya 434, yaani asilimia 40, na Aprili 126 kati ya 420, asilimia 30. Machi 2024 ikafika 217, asilimia 50, lakini Aprili ikashuka hadi 84, asilimia 20. Kwenye grafu mstari wa 2023/24 unapita juu ya wenzake Machi, kisha unawakata na kuzama Aprili. Mtu atasema mvua zilikuwa kali, au bei ilipanda, au mhudumu mpya hafai. Angalia kalenda kwanza. Pasaka ya 2023 ilikuwa tarehe 9 Aprili. Ya 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, kwa hiyo Ijumaa Kuu, Jumamosi na Jumapili zote ziliangukia Machi, Aprili ikabaki na Jumatatu ya Pasaka peke yake. Jumlisha miezi miwili: 2023 ni vyumba 300, 2024 ni 301. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mahali pa sikukuu.

Mistari miwili inapokatana kama mkasi kati ya miezi jirani, mmoja ukipanda kwa kiasi kilekile ulichoshuka baadaye, tafuta tukio lililohama kabla hujatafuta mkosaji. Moshi matukio hayo si machache. Mbio za Kilimanjaro Marathon hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na wikiendi hiyo mji mzima hauna chumba. Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo yenyewe haina mwezi wake kabisa. Weka kitone kwenye mwezi wa Pasaka wa kila mstari, na ukihitaji kulinganisha masika na masika, linganisha Machi na Aprili zikiwa pamoja.

Kuhusu rangi nina msimamo mmoja. Misimu sita kwa rangi sita ni bendera, si grafu. Misimu ya zamani yote iwe kijivu chembamba, uliopita uwe mweusi, wa sasa uwe mwekundu na mnene, na jina la kila mstari liandikwe pale unapoishia badala ya kisanduku cha pembeni. Misimu iliyoguswa na korona, 2019/20 na 2020/21, iwe ya nukta nukta. Anga la Tanzania lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei 2020, lakini wageni hawakurudi siku hiyohiyo. Usiifute misimu hiyo, ila usiiingize kwenye wastani wa kawaida. Ukiiingiza, kila msimu wa baadaye utaonekana wa neema.

Na kuna dari. Agosti ikigonga asilimia 100 misimu mitatu mfululizo, mistari inagusana juu na inaonekana hakuna kilichokua, kumbe kila mwaka wageni wengi zaidi wanaambiwa hakuna nafasi na kuelekezwa kwa jirani. Grafu ya vyumba vilivyolaliwa haiwezi kuwaonyesha watu hao hata uichoreje. Ongeza safu moja kwenye daftari la mapokezi, ya waliokosa chumba usiku huo, na ukichora asilimia za Agosti ongeza nao juu ya wale waliolala. Mstari ukivuka 100, hapo ndipo pa kuamua kuhusu bei ya Agosti au chumba cha 15.