Nani alifanya nini: tamko la michango ya waandishi na mtu wa uwandani

*Jarida linatutaka tueleze kazi ya kila mwandishi kwa zile kategoria 14. Msimamizi wangu anasema tumjaze kila mtu kila mahali, asije mtu akaonekana hakufanya kitu. Hii fomu ina faida gani hasa, au ni urasimu tu?*

Msimamizi wako si mtu wa ajabu. Anajua kuwa karatasi hii huenda ikasomwa na kamati ya kupandisha watu vyeo, na kwamba kisanduku kitupu kinaweza kumgharimu mtu. Ila dawa anayoitoa inaua kile kitu chenyewe kilicholetwa kusaidia.

Mfumo huo unaitwa CRediT. Ulitokana na majadiliano ya mwaka 2012 kati ya wahariri, wafadhili na watafiti, na mwaka 2022 ukapitishwa kuwa kiwango rasmi cha shirika la viwango la NISO la Marekani. Ulikuja kwa sababu mpangilio wa majina hausemi mengi. Katika tiba jina la mwisho kwa kawaida ni la mkubwa wa maabara. Katika hisabati mara nyingi majina hufuata alfabeti tu. Msomaji wa nje hana njia ya kujua nani alikusanya data na nani alizichambua.

Kwa hiyo jina la kila mtu likiwekwa chini ya kila kategoria, msomaji anarudi palepale alipokuwa kabla ya fomu. Hili limenipata. Katika makala moja tuliandika watu watano chini ya `Data curation`. Baadaye mtafiti mmoja akaomba data, na kila mmoja wetu akadhani mwenzake atajibu. Aliyesafisha majedwali kweli alikuwa mmoja, na hata barua ile hakunakiliwa.

Upande wa pili una hoja nzito, nami siwezi kuupuuza. Tuchukue mfano wa kubuni: utafiti wa wakulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja, mahojiano 240. Mwanafunzi wa uzamivu, S.H.K., ndiye mwenye swali la utafiti. Msimamizi ni M.J. Mtakwimu ni P.L.M. Halafu yuko Z.O., mkaazi wa hukohuko. Z.O. ndiye aliyekwenda kwa sheha, akazungumza na vikundi vya akina mama, na akaona kwamba maswali ya dodoso yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha vitabuni hayaeleweki sawasawa kwa wazee wanaosema Kimakunduchi. Akayapanga upya maswali 11, yakajaribiwa, ndipo kazi ikaanza. Mahojiano 190 kati ya 240 aliyafanya yeye.

Sasa mtafutie Z.O. kisanduku. Cha kutafsiri hakipo. Cha kufungua mlango wa kijiji hakipo. Wanaosema fomu hii ilitungwa na watu wanaofikiria maabara wana haki: kuna `Software`, kuna `Visualization`, lakini kazi ambayo bila yake hakuna hata mhojiwa mmoja angefungua mdomo haina jina lake. Pia fomu haipimi uzito. Mahojiano 190 na mahojiano 5 vyote vinaandikwa `Investigation`.

Mapengo hayo yanapunguzwa, hayazibwi. Mahojiano yanaingia `Investigation`, maana maelezo ya kategoria hiyo yanataja wazi ukusanyaji wa data. Kupanga upya dodoso na kulijaribu si ukarani, ni sehemu ya kubuni njia ya utafiti, kwa hiyo Z.O. anastahili `Methodology` pia. Kuhusu uzito, kiwango kinaruhusu, bila kulazimisha, maneno matatu ya kiasi: `lead`, `equal` na `supporting`. Jarida likiyapokea, yatumieni. Tamko lingeonekana hivi:

```
Conceptualization: S.H.K., M.J.
Methodology: S.H.K., Z.O.
Investigation: Z.O. – lead; S.H.K. – supporting
Data curation: S.H.K.
Formal analysis: P.L.M.
Supervision: M.J.
Writing – original draft: S.H.K.
Writing – review & editing: Z.O., P.L.M., M.J.
```

Kategoria 8 tu ndizo zimetumika, na hakuna sharti la kumaliza zote 14. Kazi ya kwenda kwa sheha na ile ya lugha zielezeni kwa sentensi mbili kwenye sehemu ya mbinu, ambako zinaweza kusemwa kwa jina lake. Na kama waandishi wawili wana herufi za mwanzo zinazofanana, andikeni majina kamili.

Kujaza kupita kiasi hugundulika mapema. `Software` ni kuandika au kujaribu programu. Kufungua SPSS na kubofya hakuhesabiki. `Validation` ni kuhakiki kwamba matokeo yanarudi yaleyale, kwa mfano mtu mwingine kurudia uchambuzi kutoka kwenye data ghafi. Kusoma majedwali na kuridhika nayo siyo hiyo. `Resources` ni kutoa vifaa, sampuli au mitambo, wala si kuwa mkuu wa idara yenye jengo. Mimi huuliza swali moja kwa kila jina: nionyeshe faili, daftari au siku ya kazi inayothibitisha. Kikikosekana kitu cha kuonyesha, jina linatoka kwenye mstari ule.

Lakini pana jambo ambalo timu nyingi hulichanganya. CRediT haiamui nani awe mwandishi. Inaeleza kazi tu, na inaweza kutumika hata kwa wanaotajwa kwenye shukrani. Uandishi una vigezo vyake. Kwa majarida ya tiba vinavyofuatwa sana ni vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambavyo ni vinne kwa pamoja: mchango mkubwa katika kubuni utafiti au katika kupata, kuchambua au kufasiri data, kuandika au kupitia mswada kwa kina, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika. Kwa vigezo hivyo, kutafuta fedha peke yake au kusimamia kwa jumla peke yake hakumfanyi mtu mwandishi. Hapo ndipo hofu ya msimamizi wako inapotoka, na inaeleweka. Lakini akiwa kweli alishiriki kuunda swali la utafiti na akapitia mswada kwa kina, `Conceptualization` na `Writing – review & editing` ni haki yake, na hazihitaji kusindikizwa na nyingine 12.

Vigezo hivyohivyo ndivyo huwaangusha akina Z.O. Mtu amekusanya data miezi minne, halafu anaambiwa hawezi kuwa mwandishi kwa kuwa hakupitia mswada, nao mswada hakuonyeshwa kamwe. ICMJE yenyewe inasema vigezo visitumike kumnyima mtu nafasi hiyo, na kwamba aliyetimiza cha kwanza apewe fursa ya kutimiza vingine. Tamko mlilolijaza kwa ukweli linawabana hapo: mkishaandika Z.O. chini ya `Investigation` na `Methodology`, mnadaiwa kumpelekea rasimu.

Basi mpelekeeni kabla ya kugusa fomu ya jarida. Kama Kiingereza cha mswada kinamkwaza, kaeni naye siku moja na jedwali la matokeo, mumsomee hitimisho kwa Kiswahili, mwandike anayoyapinga. Akisema kundi mnaloliita "waliokata tamaa na mwani" ni wanawake waliohamia kwenye ususi msimu wa bei mbovu na watarudi, hiyo ni `Writing – review & editing` ya kweli, na sura ya mjadala inabidi iandikwe upya.