6013 si kijiti cha kila chuma

Tela ya pawatila ilirudi karakanani kwangu baada ya wiki mbili, ulimi wake wa kuvutia ukining'inia. Weldi yangu ilikuwa nzima, nzuri hata kwa kupiga picha. Ufa ulipita pembeni yake, ndani ya chuma chenyewe. Nilikuwa nimeunga kipande cha shafti kuukuu ya gari kwenye bamba la milimita 10 kwa kijiti cha kuchomelea cha 6013, kile kile cha mageti.

Sina ugomvi na 6013. Ganda lake la rutaili huwaka kirahisi hata kwenye mashine za transfoma zinazosukwa mtaani, na slagi haisumbui kutoka. Skwea paipu ya milimita 1.5 naiunga kwa kijiti cha geji 12, ampea 60 hivi. Ila ganda hilo lina unyevu, ndivyo lilivyoundwa. Moto ukiuvunja, haidrojeni huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Chuma laini huvumilia. Shafti ina kaboni nyingi, kwa hiyo ubavu wa weldi ukipoa haraka huwa mgumu na kukatika kirahisi. Haidrojeni ikijibana humo, ufa unaweza kutokea hata kesho yake, mteja ameshaondoka.

Siku hizi chuma nisichokijua nakigusisha kwanza kwenye grainda. Cheche ndefu zenye matawi machache ni chuma laini. Zikipasuka kwa wingi kama kichaka, kaboni ni nyingi, na hapo nachukua kijiti cha 7018, ambacho ganda lake la chokaa limetengenezwa makusudi lisiwe na unyevu.

Kwenye ile tela niliukwangua ufa mpaka mwisho wake, nikachonga V, nikapasha shafti na bamba kwa gesi hadi nyuzi 200 hivi. Kijiti kilikuwa geji 10, kimefungwa upande wa chanya wa inveta, ampea 120, ncha ikikaribia kugusa chuma. Weldi ikikaa juu kama kamba, ampea hazitoshi. Kijiti kikiwa chekundu kabla ya kuisha, zimezidi. Nilipomaliza nilifukia kiungo kwenye majivu makavu hadi asubuhi. (Jumba la pampu la chuma cha kalibu usilijaribu kwa 7018, hilo linataka kijiti cha nikeli.)

Kinachoniudhi ni maduka yanayouza 7018 za kuhesabu kutoka pakiti iliyofunguliwa tangu masika. Hapo umenunua unyevu ule ule kwa bei kubwa zaidi. Kuzikausha upya kunataka nyuzi 300 hadi 350 kwa saa nzima au zaidi, na oveni nyingi za nyumbani hazifiki huko. Kisanduku chenye balbu huvitunza vijiti vikavu, lakini hakikaushi vilivyokwisha kulowa. Mimi nanunua pakiti ndogo iliyofungwa, naifungua siku yenye kazi ya shafti au springi, na zinazobaki wazi jioni huishia kwenye nguzo za uzio.