Kupanga Maneno kwa Mada: Kinachopatikana na Kinachopotea

Mzungumzaji anapoiacha mada na kuirudia mara mbili tatu, mwandishi wa muhtasari hulazimika kuchagua: ama ayafuate maneno kwa mfuatano wa kutamkwa kwake, ama akusanye mahali pamoja yote yaliyosemwa kuhusu jambo moja. Wengi huchagua njia ya pili bila kujiuliza, na aghalabu hawakosei. Hata hivyo njia hiyo ina hasara zake, na hasara hizo hazionekani kwa msomaji ambaye hakuwapo kikaoni.

Tuchukue mfano wa mkurugenzi anayezungumza na wafanyakazi kwa dakika 40. Dakika ya 4 anasema kwamba mfumo mpya wa mishahara utaanza kutumika tarehe 1 Julai, kisha anahamia kwenye bajeti na likizo. Dakika ya 17, akigusia mafunzo, anasema wahasibu watayamaliza tarehe 12 Julai. Dakika ya 31 mhasibu mmoja anauliza ni nani atakayeandaa malipo ikiwa mafunzo yatakuwa hayajaisha, naye anajibu, “Hatutauwasha kabla watu hawajafunzwa,” halafu anarudi kwenye likizo.

Muhtasari unaofuata wakati utayahifadhi haya yote kwa uaminifu, lakini hautamsaidia msomaji mwenye haraka. Atakayesoma aya ya kwanza pekee ataondoka na tarehe 1 Julai, na atakayesoma hadi mwisho atalazimika kuunganisha mwenyewe sentensi tatu zilizotenganishwa na mambo ya likizo. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo hasa aliyopewa mwandishi, kwa hiyo kumwachia kila msomaji aifanye upya ni kuikwepa.

Tatizo ni kwamba mpangilio wa mada nao unaweza kupotosha, tena kwa unadhifu zaidi. Mwandishi akiweka kichwa cha “Mfumo” chenye tarehe 1 Julai na kichwa cha “Mafunzo” chenye tarehe 12 Julai, kisha akaliondoa jibu la dakika ya 31 kwa kudhani ni marudio tu, kila sentensi iliyobaki itakuwa sahihi ilhali muhtasari mzima haueleweshi kilichotokea. Kosa baya kuliko hilo ni kuzisawazisha kauli zote kuwa moja: “Mfumo utaanza katikati ya Julai, baada ya mafunzo.” Hakuna aliyesema hivyo. Mkurugenzi hakutaja tarehe mpya, wala hakuifuta ile ya awali kwa kinywa chake. Alichofanya ni kuweka sharti linalogongana nayo.

Ndiyo maana naona kwamba mada ziamue mpangilio wa vichwa, lakini chini ya kila kichwa mfuatano wa wakati ubaki. Kwa mfano wetu, aya inaweza kusomeka hivi: “Tarehe ya kuanza mfumo haikuthibitishwa. Mkurugenzi alitaja 1 Julai (dk. 4), na baadaye akasema mafunzo ya wahasibu yatakamilika 12 Julai (dk. 17). Alipoulizwa na mhasibu kuhusu maandalizi ya malipo, alijibu kwamba mfumo hautawashwa kabla ya watu kufunzwa (dk. 31).” Sentensi ya kwanza inampa msomaji hali ilivyo, nambari za dakika zinamwezesha mwenye shaka kurudi kwenye rekodi, na swali la mhasibu limebaki karibu na jibu lililotokana nalo. Hilo la mwisho husahaulika mno: jibu likihamishwa bila swali lake, sharti lililochomolewa kwa kuulizwa huonekana kama tangazo lililopangwa tangu mwanzo.

Uhamishaji huvunja pia maneno yanayorejelea nyuma. “Hilo nalo litasubiri,” lililosemwa baada ya habari za likizo, likiwekwa chini ya bajeti hubadilika maana bila neno hata moja kuguswa. Kwa hiyo ni salama zaidi kuandika kwanza kinachorejelewa na kila kiwakilishi, wakati sentensi bado iko mahali pake, ndipo ihamishwe.

Watetezi wa mpangilio wa wakati wana hoja isiyopingika pale ambapo namna ya kusema ni sehemu ya ushahidi, kama vile maelezo ya shahidi au mahojiano ya kinidhamu. Hapo kurudia jambo mara tatu kwa tofauti ndogondogo ndiko kunakochunguzwa, na anayeyakusanya maelezo hayo chini ya vichwa anakuwa ameshatoa hukumu kabla ya wenye mamlaka ya kuitoa. Muhtasari wa mada unaweza kuambatishwa, lakini usichukue nafasi ya nakala ya neno kwa neno. Kwa kikao cha kawaida cha kazi, kinyume chake, jambo la haraka zaidi ni kumpelekea mkurugenzi aya ile yenye dakika zake tatu na kumwuliza tarehe ipi ibaki, kabla muhtasari haujasambazwa.